Naomba ushauri: rangi ya njano chini ya mafuta, ni uchachushaji au hewa imeingia?

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, nina bakteria niliyemtenga kwenye kamba wabichi wa soko la samaki. Ni gramu hasi, oksidesi chanya, kwa hiyo nataka kujua kama ni jamii ya Vibrio, anayechachusha glukosi, au Pseudomonas, asiyechachusha, kabla sijaendelea.

Nimetumia tyubu mbili zenye glukosi asilimia 1, agari laini na bromothimoli bluu, ambayo hugeuka njano asidi ikitengenezwa. Nimepanda bakteria kwenye zote kwa kuchoma waya mpaka karibu na kitako, moja nikaifunika kwa mafuta ya parafini safi kama sentimita moja, nyingine nikaiacha wazi. Zimekaa nyuzi 30.

Kesho yake tyubu ya wazi ilikuwa njano juu tu, ya mafuta bado kijani. Siku ya pili ya mafuta imeonyesha utepe mwembamba wa njano chini kidogo ya mafuta. Kitako bado kijani kabisa.

Ninavyojua, anayechachusha hahitaji oksijeni, hivyo njano ingeshuka kufuata mchomo mpaka chini, tena kwenye tyubu zote mbili. Utepe wa juu pekee unanifanya nishuku oksijeni iliyobaki ndani ya agari, maana tyubu zilikaa siku kadhaa na hazikuchemshwa upya kabla ya kupandwa. Parafini nayo haizibi hewa kikamilifu.

Waliozoea kipimo hiki: nisubiri zaidi, au nirudie na tyubu zilizochemshwa na kupozwa haraka? Na mnaweka mafuta unene gani?