Msaada: Mtihani wa leseni Ujerumani, nifanye kwa Kiingereza au Kijerumani?

Kipanga_7
Wakuu, salaam. Nimehamia Ujerumani kikazi na leseni yangu ni ya Tanzania. Nimeambiwa inatumika miezi 6 tu tangu nianze kuishi huku, kisha nifanye mitihani miwili, wa nadharia na wa barabarani. Kiswahili hakimo kwenye lugha za mtihani. Kiingereza nasoma vizuri, Kijerumani changu ni cha kununulia mkate. Mwalimu wa shule ya udereva anasisitiza nifanye nadharia kwa Kijerumani. Mliopita huko mnasemaje?

Mkweche
Piga Kiingereza mkuu, usijitese. Maswali 30 tu, ukikosa matatu bado umepita.

Bi Rehema
Mdogo wangu, ni Kijerumani tu, hakuna kuchagua. Maswali 33 kwa dakika 60, ukipata 17 umefaulu. Mie nilipitia yote 310, yaani 300 ya nchi nzima na 10 ya jimbo langu. Maswali ya historia ndiyo yaliyonitoa jasho.

Kipanga_7
Asante dada, ila huo ni wa uraia. Mimi bado nahangaika na gari.

Bi Rehema
Haya, nimekurupuka. Ukifika huko utanitafuta.

Tairi_Bovu
Mkweche yuko sahihi nusu. Hawahesabu maswali uliyokosa, wanahesabu pointi za makosa. Kila swali lina uzito wa pointi 2 hadi 5, na kwa anayechukua leseni ya gari dogo kwa mara ya kwanza mwisho ni pointi 10. Lakini ukikosa maswali mawili ya pointi 5 umeanguka, hata kama mengine yote 28 umepatia. Na swali moja linaweza kuwa na jibu sahihi moja, mawili au matatu. Ukiacha moja bila alama, swali zima limekwenda.

Hapo ndipo lugha inapoumiza. Chukua hili: makutano hayana alama wala taa. Wewe unakwenda moja kwa moja, gari linatokea kulia, pikipiki inatokea kushoto. Sheria ni kwamba wa kulia anapita kwanza, kwa hiyo unalisubiri gari, na pikipiki inakusubiri wewe. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Balaa ni majibu, kwa sababu moja litasema lazima umwache fulani apite na jingine litasema unaruhusiwa kupita kabla yake. Ukisoma kwa kubabaisha utaweka alama kinyume na unachokijua. Ndiyo maana nasema fanya nadharia kwa lugha unayoisoma haraka.

Halafu kuna maswali ya kuandika namba, ambayo hayajali sana lugha. Mwendo wa 50: gawa kwa 10, zidisha kwa 3, unapata mita 15 kabla mguu haujagusa breki. Kisha 5 mara 5, mita 25 za breki ya kawaida. Jumla mita 40 mpaka gari lisimame. Jizoeze na 30 na 100 mpaka jibu lije lenyewe.

Chuma_cha_Reli
Napingana kidogo. Mtihani wa barabarani ni Kijerumani kitupu, uwe wa shirika la TÜV au la DEKRA. Aliyesoma nadharia kwa Kiingereza anaingia kwenye gari hajui hata taa ya ukungu inaitwaje, na msahihishaji anaweza kuanza kwa kumwambia aiwashe. Mwalimu wako anaona mbali.

Kipanga_7
Je, naweza kwenda na mkalimani?

Tairi_Bovu
Hapana, hilo lilishafutwa. Hoja ya Chuma naikubali, ila dawa yake si kuhamisha nadharia. Ukifaulu nadharia una miezi 12 ya kufaulu barabarani. Tumia muda huo kumwomba mwalimu akuelekeze kwa Kijerumani tangu siku ya kwanza, hata kama anajua Kiingereza. Maagizo ni machache na yanajirudia: kata kushoto makutano yanayofuata, egesha hapa, geuza gari. Asiposema kitu, fuata barabara. Na kabla hamjaondoka mkumbushe akuulize vitu vya gari: oili inapimiwa wapi, kina cha mifereji ya tairi kisipungue mm 1.6. Sehemu hiyo mara nyingi unaonyesha kwa kidole na maneno mawili matatu.

Mkweche
Na masomo ya lazima je? Mimi nililipishwa ya usiku na ya barabara kuu.

Tairi_Bovu
Hayo ni ya asiye na leseni kabisa. Mwenye leseni halali ya nje halazimiki, ila lazima aende kwenye mtihani na gari la shule na mwalimu akiwa ndani. Akikwambia ni lazima kisheria, mwambie akuonyeshe.

Chuma_cha_Reli
Chukua machache hata hivyo. Ulizoea kukaa kushoto mwa barabara. Huku anayetokea kulia yuko upande wako wa karibu, nyuma ya magari yaliyoegeshwa, na unamwona amekwishafika.

Kipanga_7
Sawa wakuu. Nadharia naelekea Kiingereza. Mwalimu nitamwambia kesho, sijui atalipokeaje.