Tupeane uzoefu: klinomita ya mrija na uzi, kupima urefu wa mti na Kidato cha Pili

Mwl_Njiro: Wakuu, wiki ijayo naingia pembe ya mwinuko. Nina vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, wanafunzi 40, na mgrivea mrefu nyuma ya madarasa. Mliokwisha kufanya somo hili, huwa linaharibikia wapi?

Mama_Tanjenti: Kwenye kusoma uzi, mwalimu. Mrija unabandikwa kwenye ukingo ulionyooka wa protrakta, uzi unaning'inia kutoka katikati ya ukingo huo. Ukitazama mbele sawasawa, uzi unalala kwenye 90, si kwenye 0. Kwa hiyo pembe ya mwinuko ni tofauti kati ya 90 na namba iliyo chini ya uzi.

Chukua mtoto aliyesimama mita 15 kutoka kwenye mti, uzi ukasoma 52. Pembe yake ni 38, na tanjenti ya 38 ni 0.7813. Mara 15 inakuja 11.72. Ongeza kimo cha jicho lake, tuseme mita 1.45, mti una mita 13.17. Sasa yule anayechukua 52 kama ilivyo atakuletea mita 20 na ushee, na hesabu yake kwenye daftari haina kosa hata moja. Ndiyo maana waambie wakadirie kwa macho kabla ya kupima.

Kaka Sakina: Naunga mkono. Na kimo cha jicho, siyo kimo cha mtoto mzima. Wengi wanaongeza mpaka utosini.

Chaki_Nyeupe: Mnajitesa. Mwanafunzi arudi nyuma mpaka uzi usome 45. Umbali wake kutoka kwenye mti, ongeza kimo cha jicho, basi. Tanjenti ya nini?

Mama_Tanjenti: Hapo umefundisha pembetatu pacha, hujafundisha trigonometria. Itumie kuhakiki jibu mwishoni.

Chaki_Nyeupe: Jibu si ni lile lile? Tena watoto wanaelewa haraka.

Fundi_Vipimo: Wote mna hoja. Karibu na 45 ndipo kosa la kusoma linapoumiza kidogo. Kwa mti huo wa mita 13, ukikosea digrii moja ukiwa mita 15 unapoteza kama sentimita 42. Ukiwa mita 3, digrii hiyo hiyo inakula sentimita 85, na hapo mtoto haoni kilele, anaona tawi la pembeni.

Utengenezaji: makundi kumi ya watu wanne, dakika 20 zinatosha. Uzi wa kushonea sentimita 30, nati ya baiskeli mwishoni. Kokoto jepesi linapeperushwa, kwa hiyo pima asubuhi kabla ya upepo. Uzi upite kwenye kile kitundu cha katikati ya protrakta. Ukifungwa pembeni kidogo, kila kipimo kinahama. Selotepu isiubane. Kabla ya kutoka nje, kila kundi liweke alama ukutani kwa usawa wa jicho, liende upande wa pili wa darasa, litazame alama kupitia mrija. Uzi usiposoma 90, bandueni mrija muanze upya. Mmoja atazame, mwingine asome, maana ukiteremsha chombo usome mwenyewe, uzi umeshasogea.

Binti_Kibosho: Huku kwetu Moshi juu hakuna uwanja tambarare. Mimi nasema tepu ilazwe chini kufuata mteremko, mambo mengine yanabaki vile vile.

Fundi_Vipimo: Hapana, dada. Umbali unaotakiwa ni wa usawa. Tepu ishikwe imenyooka hewani, kipande kwa kipande. Na kimo cha jicho hakifai tena, kwa sababu shina haliko usawa wa miguu yako. Simama upande wa juu, pima pembe mbili: kilele, halafu shina. Kilele 30, shina 20 kwenda chini, umbali mita 14: 0.5774 jumlisha 0.3640, mara 14, unapata mita 13.18. Ukisimama chini sana hata jicho likawa chini ya shina, unatoa badala ya kujumlisha.

Binti_Kibosho: Kumbe. Lakini pembe mbili kwa Kidato cha Pili, siku ya kwanza?

Mzee wa Usa River: Nina migrivea sita nataka kuuza. Hicho chombo kitaniambia mti unatoa mbao ngapi?

Kaka Sakina: Mzee shikamoo. Urefu hadi kilele peke yake hautoshi. Elekeza mrija pale shina linaponyooka mwisho, na upime unene wa shina kifuani.

Dada_Kalamu: Jamani, hakuna aliyetaja JUA! Mtoto akifuata kilele kwa mrija, jua likiwa nyuma ya mti, jicho moja linaangalia jua moja kwa moja. Linaunguza jicho bila maumivu, atagundua baadaye. Simameni jua likiwa mgongoni!

Mama_Tanjenti: Asante sana dada. Mwl_Njiro, huo mgrivea uko upande gani wa uwanja?

Mwl_Njiro: Mashariki. Na vipindi vyangu ni saa mbili asubuhi.

Chaki_Nyeupe: Basi pima nguzo ya bendera.

Fundi_Vipimo: Au zunguka upande wa pili wa mti. Kuna nafasi ya mita 12?

Mwl_Njiro: Kuna shamba la migomba, na ardhi inateremka.