Naomba ushauri: gama, theta na muvu ya kuvuka hasara kwa siku

Wakuu, nimeshika opsheni, delta nimeifanya sifuri kwa kuheji, bei ya hisa 100, gama 0.05, theta inanila 0.025 kwa siku. Bei ikisogea kwa m, gama inanipa nusu ya gama mara m mraba, nikalinganisha na theta nikapata:

```
m = sqrt(2*0.025/0.05) = 1
```

Ikisogea 2 gama inaleta 0.1, nabaki na 0.075, ikisogea 0.5 tu theta inanishinda. Inaoana na volatiliti ya 16% iliyo kwenye bei, maana 16 gawa kwa mzizi wa 252 ni kama 1%. Sasa kinachonichanganya, theta ikihesabiwa kwa siku 365 muvu inashuka mpaka kama 0.84, je Jumatatu nidai muvu ya siku tatu au moja?