Tangazo la kutafuta mtu wa kushea naye nyumba: tupeane uzoefu

Mpangaji wa Sinza
Wakuu, habari za saa hizi. Nyumba ni ya vyumba vitatu hapa Sinza, mmoja wetu anahama mwisho wa Septemba. Matangazo mengi ninayoyaona yanasema "chumba kipo, awe mstaarabu na msafi, piga simu". Simu zinakuja nyingi, anayefaa haonekani. Wenye uzoefu, linaandikwaje?

Mzee wa Mikataba
Anza kwa kufuta "mstaarabu" na "msafi". Hakuna anayesoma maneno hayo akaona hayamhusu. Andika mambo yanavyokwenda humo ndani: "Geti linafungwa saa 5 usiku, kila mtu ana ufunguo wake. Vyombo vinaoshwa kabla ya kulala. Mwenzetu mmoja anafanya zamu ya usiku, kwa hiyo mpaka saa 7 mchana hatufungulii muziki kwa sauti." Asiyeweza hayo atajitoa mwenyewe bila kukupigia.

Malizia kwa kumtaka msomaji aandike saa anazotoka na kurudi kazini, na kama anapika kila siku. Akikujibu "bado kipo?" ujue hakusoma mpaka mwisho, na mtu huyo hata makubaliano ya nyumba hatayasoma.

Chaurembo
Bei usitaje, andika maelewano. Ukitaja mapema watu wanakimbia.

Mzee wa Mikataba
Chaurembo, tarehe ya kuhamia inaweza kuwa ya maelewano, hapo sikupingi. Bei hapana, kwa sababu ukimpunguzia mgeni, pengo wanaliziba wenzake. Mpangaji, kodi yenu ikoje?

Mpangaji wa Sinza
Laki 6 kwa mwezi. Master 240,000, vyumba viwili vya kawaida 180,000 kila kimoja. Tunalipa miezi 6 kwa mkupuo, mkataba unaisha 31 Desemba. Kinachoachwa ni cha kawaida.

Mzee wa Mikataba
Basi hapo ndipo pa kuandika kwa makini. Anayehama ameshamlipa mwenye nyumba mpaka Desemba, kwa hiyo anayeingia 1 Oktoba anamrudishia yeye miezi mitatu, yaani 540,000. Lakini Januari mwenye nyumba atataka 3,600,000 kwa pamoja, na fungu la mgeni ni 1,080,000. Mgeni akiona 540,000 peke yake kwenye tangazo atadhani kila mara ni miezi mitatu. Januari ikifika hana, na nyie wawili hamwezi kulipa nusu nusu. Andika namba zote mbili na tarehe zake.

Kabla ya kulitoa, soma mkataba wenu. Mingi inakataza kuingiza mtu mwingine bila mwenye nyumba kukubali kwa maandishi.

Bibie wa Kimara
Mimi natafuta chumba na sebule isiyozidi 150,000, niko na mume na mtoto mmoja. Hiyo ya Sinza inafaa?

Dada Umeme
Bibie, hiki ni chumba kimoja, jiko na choo ni vya pamoja. Ila umenikumbusha: Mpangaji, andika chumba ni cha watu wangapi. Usipoandika, mtu anakuja kuangalia na familia nzima, mnapotezeana nauli.

LUKU nayo isiachwe. "Umeme tunagawana sawa" inawezekana kama wote mna feni, taa na friji moja ya pamoja. Akiingia mwenye jiko la umeme au AC, ugomvi unaanza. Taja vilivyomo na visivyoruhusiwa. Au fundi amfungie mita ndogo chumbani kwake, msome yuniti mwanzo na mwisho wa mwezi, alipe tofauti. Yale makato ya kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi, hayaangalii nani katumia zaidi, hayo gawaneni sawa.

Picha: piga chumba mchana dirisha likiwa wazi, na choo na jiko pia, maana ndivyo atakavyotumia na wenzake. Namba ya nyumba na geti visionekane. Taja kituo cha daladala kilicho karibu, inatosha.

Chaurembo
Na wageni wa kulala? Mimi ningeandika kabisa: mwisho siku mbili kwa wiki.

Dada Umeme
Ukiweka idadi, wapo watakaoona ni haki yao kila wiki. Mimi naona liandikwe "wageni wa kulala tunaambiana kwanza", mengine mkionana.

Mzee wa Mikataba
Hapo niko na Chaurembo. "Tunaambiana" haina kipimo, siku mkigombana kila mtu ataitafsiri anavyotaka.

Mpangaji wa Sinza
Mwenzangu wa master ndiye mwenye wageni wengi, itabidi yeye akubali kwanza. Je, sharti la mwanamke tu liwe juu kabisa au chini na masharti mengine?

Dada Umeme
Juu, mstari wa kwanza, pamoja na eneo na bei.