"Kila mtu arekodi upande wake" – mumenitia hasarani! Mara ya kwanza kimya, mara ya pili mwangwi

Mkaazi wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Leo sikuja kuomba ushauri, nimekuja kulalamika. Mwenye kutaka kuniambia "pole, jaribu tena" asijisumbue kuandika.

Nina podikasti ndogo ya habari za shamba za zamani. Miezi miwili namfukuzia bibi mmoja wa Wete. Huyu msimu wa karafuu akiusimulia unaisikia harufu: nani alipanda mkarafuu, nani alikaa chini kuchambua makonyo usiku kwa kandili, majamvi yalivyokunjwa mbio mvua ikinyatia. Kuvuka kwenda Pemba na vyombo sina uwezo. Fundi mmoja wa studio hapa mjini, jina silitaji, akanilia shilingi 60,000 kunifundisha njia yake. Akasema tusirekodi sauti ya simu, maana ile imeshachujwa na mtandao. Tuzungumze kwa WhatsApp, lakini simu ya bibi imrekodi bibi pale pale alipokaa, yangu inirekodi mimi, halafu mafaili mawili yaunganishwe kwenye kompyuta. Eti itasikika kama tumekaa baraza moja.

Mara ya kwanza tukazungumza dakika 58. Mjukuu wake akaniletea faili. Nafungua, kimya! Dakika 58 za mstari ulionyooka kama upote. Na rekoda ilikuwa inahesabu dakika wakati wote, mjukuu aliiona kwa macho yake. Faili langu mimi hivyo hivyo, kimya.

Nikamrudia fundi. Akacheka, akasema "tumieni simu mbili mbili". Sasa hilo la kuniambia baada ya kunila pesa?

Mara ya pili bibi akazungumza kwa simu yake, ya mjukuu ikarekodi pembeni. Mimi hali kadhalika. Saa nzima na dakika mbili. Nikayapanga mafaili pamoja, dakika za mwanzo mwangwi mdogo tu, nikasema alhamdulillahi. Kufika dakika ya 30 sauti yangu inajirudia kama niko kisimani. Mwisho wa kipindi hapasikiliki kabisa, bibi anacheka nimeshaanza swali jengine wala sijui anachekea lipi. Nikivuta faili mwisho ukae sawa, mwanzo unaharibika. Fundi sasa hapokei simu.

Nauliza: hii njia ni ya kweli, au tunauziwa hadithi?

Gogo la Mkarafuu

Yakhe, mtandao wa Wete mvua ikinyesha hauna maana. Mie juzi nampigia mama yangu, neno moja linafika, matatu yamepotea. Ungesubiri kiangazi.

Mkaazi wa Ng'ambo

Umesoma nilichoandika? Faili la bibi halikupita mtandaoni wakati wa kurekodi. Lilitumwa baadaye, kama hati, M4A ya karibu MB 60.

Dj wa Harusi

Tatizo nalijua. Simu moja imerekodi kwa sampuli 44,100 za sauti kila sekunde na nyengine kwa 48,000. Ndiyo maana hayalingani. Rekodini zote 48,000, na kwa WAV, basi mambo yamekwisha.

Sikio

Dj, nusu uko sawa. Ni vizuri zilingane, lakini ugonjwa wake sio huo. 48,000 ikichezwa kama 44,100, saa moja inarefuka kwa zaidi ya dakika tano, na bibi angesikika mzito kama mzee wa kiume. Isitoshe kompyuta huwa inasoma namba hiyo ndani ya faili na kujirekebisha yenyewe. M4A nayo huongeza kijisehemu kidogo mwanzoni mwa faili, lakini kikishaingia kimeingia, hakikui. Huyu anasema mwangwi unakua.

Mkaazi, kwanza ile ya kimya. Tangu Android 10, programu mbili zikitaka maikrofoni kwa wakati mmoja, moja hupewa sauti na nyengine hupewa ukimya. Mazungumzo ya WhatsApp yakiwa yanaendelea, rekoda ya kawaida ndiyo inayonyimwa. Haiambiwi kuwa imenyimwa, kwa hiyo inaendelea kuhesabu dakika na kuandika kimya. Ukitaka kujua kabla hujaharibikiwa, rekodi sekunde 20 huku mnaongea, simamisha, sikiliza. Usiangalie saa ya rekoda, angalia kama mawimbi yanacheza mtu anapozungumza.

La pili: simu ya kupigia ya bibi ilikuwa kwenye spika?

Mkaazi wa Ng'ambo

Ilikuwa kwenye spika. Hedifoni amezikataa, anasema hawezi kuvua ushungi kwa ajili ya waya.

Sikio

Basi sauti yako ilitoka kwenye spika ikaingia kwenye rekodi yake. Ndiyo huo mwangwi. Kwa kawaida hilo ni kosa, lakini leo litakusaidia, kwa sababu kila neno lako limo kwenye mafaili yote mawili. Unaweza kupima.

Kila simu ina saa yake ndani inayohesabu sampuli za sauti, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Yake ikiwahi kidogo, saa moja yako kwake inakuwa saa moja na kitu. Hicho kitu ni kidogo mno, lakini kinajilimbikiza.

Fungua mafaili yote mawili kwenye Audacity. Tafuta neno lako lenye mwanzo mkali, kama "karafuu" au "kwa hiyo". Angalia linaanza wapi kwenye faili lako na wapi kwenye la bibi, uandike tofauti. Fanya hivyo kila baada ya dakika kumi. Mwanzo na mwisho peke yake havitoshi.

Mkaazi wa Ng'ambo

Nimekesha nayo. Haya:

Mwanzo, sekunde 0.24. Dakika ya 10, 0.29. Ya 20, 0.34. Ya 30, 0.39. Ya 40, 0.44. Ya 50, 0.63. Ya 60, 0.68.

Nimetoa mwanzo kwenye mwisho, nimepata 0.44 kwa saa. Nikalifupisha faili la bibi kwa kiasi hicho. Mwanzo na mwisho vimekaa, katikati bado kuna kisima! Wallahi nimechoka.

Sikio

Kwa sababu umechanganya vitu viwili. Angalia hatua zako: kila dakika kumi imeongezeka 0.05. Tena 0.05. Tena. Hiyo ndiyo saa ya simu, haina pupa. Halafu kati ya 40 na 50 imeruka 0.19. Saa hairuki hivyo. Kulitokea nini hapo?

Mkaazi wa Ng'ambo

Dakika ya 43 mazungumzo yalikatika. Nikampigia tena. Rekoda hazikuguswa.

Sikio

Ndiyo hapo. Simu mpya, njia mpya mtandaoni, ucheleweshaji mpya. Kwenye ile 0.19, 0.05 ni ya saa, na 0.14 iliyobaki ni sauti yako kuchelewa zaidi kufika Wete. Wewe ukaigawa hiyo 0.14 juu ya saa nzima, ndiyo maana katikati pamevurugika.

Tibu moja moja. Sekunde 0.05 kwa kila sekunde 600 ni sawa na sampuli 4 zaidi katika kila 48,000. Kwa hiyo ligeuze faili la bibi kuwa WAV ya 48,000, kisha liambie lilikuwa 48,004:

```
ffmpeg -i bibi.wav -af "asetrate=48004,aresample=48000" bibi_sawa.wav
```

Linakuwa fupi kidogo tu, na sauti inapanda kwa kiasi ambacho sikio haliwezi kukijua. Baada ya hapo pima tena. Utakuta 0.24 haibadiliki mpaka dakika ya 43, kisha 0.38 mpaka mwisho. Sogeza faili lote la bibi nyuma kwa 0.24, halafu likate pale mlipokuwa mnatafutana simuni, na kipande cha pili kisogeze nyuma kwa 0.14 nyengine. Mwangwi utalala juu ya sauti yako mwenyewe.

Shemeji wa Mkoani

Kwani kuna haja gani ya yote haya? Mwambie bibi atume vois noti, na wewe utume zako. Mie na mchumba wangu wa Muscat ndivyo tunavyofanya.

Mkaazi wa Ng'ambo

Shemeji, bibi hasimulii mtu akiwa hamuitikii. Ukinyamaza anasema "umelala?" na hadithi imekwisha.

Dj wa Harusi

Ila Sikio, ukilisogeza la bibi mpaka mwangwi ulale, si unayabadilisha mazungumzo? Mkaazi aliposema "enhe" alikuwa kashamsikia bibi kwa kuchelewa. Sasa hizo "enhe" zitaangukia juu ya neno linalofuata.

Sikio

Hapo umenipata, ni kweli. Ukipanga hivi unasikia mazungumzo kama alivyoyasikia bibi: majibu yake yanakuja papo hapo, viitikio vya mwulizaji vinachelewa kwenda na kurudi. Ukipanga kwa upande wa mwulizaji inakuwa kinyume, na mwangwi unarudi. Mimi hupanga kwa mgeni, kisha "enhe" zinazogongana nazisogeza moja moja au nazifuta. Wapo wanaofanya vyengine. Na kwa kuwa spika ilikuwa wazi, zima upande wa bibi kila mwulizaji anapozungumza peke yake. Pale mnapozungumza pamoja hapana dawa, utaishi nao.

Mara nyengine hedifoni ya sikio moja tu, ipite chini ya ushungi. Na bibi apige kofi moja mwanzoni na jengine mwishoni, wewe uiweke spika yako wazi kwa hizo sekunde tu ili kofi liingie kwenye rekoda yako.

Mkaazi wa Ng'ambo

Nimefanya. Mpaka dakika ya 43 kumekaa, siwezi kusema uongo. Hasira yangu kwa yule fundi iko pale pale, 60,000 zangu anajua mwenyewe zilipo, na neno "dakika kumi kumi" hakunitajia hata mara moja.

Lakini baada ya 43 haikuwa 0.38 kama ulivyosema. Napata 0.41 mwanzo wa kipande, kisha 0.38 kuanzia dakika ya 48. Imeshuka.

Sikio

Ikishuka na kubaki chini, kuna njia mbili. Ama mtandao ulijipunguzia ucheleweshaji wenyewe, hufanya hivyo ukitulia, ama simu ya mjukuu ilidondosha sampuli kidogo ikiandika. Faili la bibi likipoteza kipande, maneno yanawahi, tofauti inapungua. Lingepoteza lako, tofauti ingeongezeka. Sikiliza la bibi karibu na dakika ya 48, kama kuna "tk" katikati ya neno.

Mkaazi wa Ng'ambo

Kuna "tk" dakika ya 47 na sekunde 40. Lakini hapo ndipo bibi anapoweka kikombe cha kahawa. Au simu?

Sikio

Kata sekunde tano hapo, uipandishe tuisikilize.

Gogo la Mkarafuu

Hicho ni kikombe. Mie bibi zangu wote wa Pemba, nakijua.