Mrejesho: Fundi wa vigae niliyemzuilia malipo

Niliuliza: "Fundi anadai laki nne zilizobaki, ila maji yanatuama bafuni na vigae vingine vinalia utupu. Nimlipe au nizuie?"

Wakuu, asanteni sana, limekwisha. Kwanza niligonga kigae kimoja kimoja kwa sarafu. Tisa vya bafuni vililia kama debe tupu, nikavitia alama ya chaki na kuvipiga picha. Kisha nikamwaga ndoo ya maji: yalikimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu.

Sikuzuia zote. Sebule ilikuwa safi, nikamlipa laki moja na nusu ya sehemu hiyo. Laki mbili na nusu nikazishikilia, kwa kuwa ndicho kiasi ambacho fundi mwingine alikadiria kurekebisha bafu. Nikamwandikia barua: kasoro zipi, ziko wapi, kiasi gani nimezuia na kwa nini, na siku 14 za kurekebisha kwa gharama yake. Zikipita, natafuta mwingine na kumlipa kwa fedha hiyo. Akasaini nakala.

Alikasirika, akasema nyumba "imetitia tu". Tulipobandua kigae cha kwanza, nyuma kulikuwa na mafungu matano ya gundi, katikati peupe. Hapo akanyamaza. Siku ya tisa alirudi, akavunja sakafu yote ya bafu na kuweka mteremko upya, maana kubadili vile tisa tu kusingeondoa maji mlangoni.

Jana nimemwaga ndoo tena, maji yameishia tunduni. Nimemlipa yote, tumeandikiana risiti.