Uliwahi kumbishia mteja deni, kumbe kosa ni lako? Tupeane uzoefu

Karani_Mstaafu: Leo nimesikia jirani yangu ofisini anamfokea mteja kwenye simu, nikakumbuka mbali. Tulimtumia mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi steitimenti ya mwezi. Akapiga: "Binti, saruji nimechukua mara moja, mbona mnanidai mara mbili?" Nikamjibu kwa jeuri, baba, mfumo haukosei. Kesho yake akaja na faili lake: delivari noti moja, risiti ya EFD moja. Mifuko 500 kwa 16,000, na VAT juu yake, jumla 9,440,000. Kwenye leja yangu zilikuwepo mbili, zimepishana siku nne. Moja niliiingiza kwa namba ya invoisi, nyingine kwa namba ya delivari noti. Mfumo hukataa namba ikijirudia, ila hizo kwake zilikuwa namba mbili tofauti. Masikio yalipata moto.

Dogo wa Stoo: Hiyo delivari noti imetuponza wengi.

Mzee wa Vitabu: Gawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika, umeingiza mara mbili.

Mama Leja: Mzee, ya 9 ni ya tarakimu zilizogeuzana, 54 ukaandika 45. Muamala uliorudiwa unakupa tofauti sawasawa na invoisi nzima. Hata hiyo 9,440,000 haigawanyiki kwa 9.

Mzee wa Vitabu: Sisi tulifundishwa hivyo.

Kijana_Mpole: Mimi nilikatwa hela mara mbili kwenye simu, sijarudishiwa hadi leo. Nifanyeje?

Dogo wa Stoo: Mkuu, umepotea uzi 😂

Fundi Hesabu: Kwetu ilikuwa msiba. Mauzo yakiingia mara mbili, na stoo inapungua mara mbili kwenye mfumo. Siku ya kuhesabu, ghalani kukakutwa mabati 120 zaidi ya yaliyo kwenye vitabu. Bosi akaamua mtunza stoo anaingiza mali yake auzie mle mle. Kasimamishwa wiki mbili, mpaka mteja alipobisha steitimenti. Nikatumwa mimi kumrudishia funguo. Alizipokea bila salamu. Na ile ingizo ilikuwa yangu.

Dogo wa Stoo: Na hukumwambia??

Fundi Hesabu: ...

Jembe: Mnahangaika nini? Futa moja, kazi imeisha.

Mama Leja: Thubutu! Mwezi umefungwa, ritani ya VAT imeshapelekwa tarehe 20. Ukifuta, vitabu havitalingana na ulichopeleka TRA. Pitisha kredit noti, uandike sababu. Halafu linganisha mauzo ya mwezi na Z ripoti za mashine, maana risiti ilitoka moja tu. Kama ritani ilijazwa kutoka kwenye leja, mmelipa 1,440,000 ya bure.

Jembe: Mimi nafuta miaka yote, sijakamatwa.

Mama Leja: Bado.

Dogo wa Stoo: Mleta uzi, yule mzee alirudi kununua?

Karani_Mstaafu: Alirudi. Ila steitimenti akawa haitaki kwa simu. Kila mwisho wa mwezi nimpelekee dukani kwa mkono, anisomee mstari kwa mstari huku nimesimama.